Mafunzo Niliyopata Nikichimba Shimo la Mstatili kwa Fusion

Mimi huchonga vipande vidogo vya alumini kwa mashine ya CNC, na kazi nyingi hunifikia zikiwa tayari ni modeli ya Fusion. Mfano wa hapa ni kipande cha milimita 80 kwa 50, unene 15, chenye shimo la mstatili la 40 kwa 25, kina 10, na kona zenye nusukipenyo cha 4. Vipimo hivyo vyote modeli inavijua. Isichokijua ni alumini iliyobanwa kwenye jiriwa, na matatizo mengi huzaliwa hapo.

1. Sifuri ya kompyuta na sifuri ya mashine ziwe mahali pamoja

Ndani ya `Manufacture` naanza na `Setup`. Nahakikisha mhimili wa Z unaelekea juu, kisha nafungua `Stock`. Usipoigusa, Fusion hudhani malighafi imezidi modeli kwa milimita 1 pembeni na juu. Kama kipande changu kimeshasawazishwa hadi 80 kwa 50 kwa 15, nafuta nyongeza hiyo.

Sababu ni hii: sifuri ikiwa juu ya malighafi ya kufikirika, uso wa modeli unakuwa -1 na kitako cha shimo -11. Mashine nayo imepimwa kwenye uso halisi, kwa hiyo itachimba milimita 11 badala ya 10.

2. Bofya ukingo wa chini

Naingia `2D Pocket`, na kwenye `Geometry` nabofya ukingo unaozunguka kitako cha shimo. Kwenye `Heights`, `Bottom Height` hufuata mstari uliochaguliwa, hivyo kina kinatoka kwenye modeli yenyewe. Ukibofya ukingo wa juu, kitako kinahesabiwa kuwa juu, na kisu kinakosa cha kukata.

Faida yake huonekana mchoro unapobadilika. Mteja akitaka kina cha 12, nabadilisha modeli, Fusion inaweka alama ya tahadhari kwenye operesheni, nami nabonyeza `Generate`. Ningekuwa nimeandika -10 kwa mkono, ingebaki -10.

3. Kona ndiyo inayochagua kisu

Kisu cha kipenyo cha 6 hakiwezi kuacha kona ya ndani yenye nusukipenyo chini ya 3, hata mchoro ukiwa na kona kali. Hapa kona ni 4, na hiyo milimita moja ya ziada ina kazi. Kisu kilicholingana na kona hufika pale, husimama na kugeuka ghafla huku kikikumbatiwa na chuma pande mbili. Utasikia kikilia, na kona itabaki na alama za mtetemo. Kona ikiwa kubwa kidogo, kisu kinapinda bila kusimama. Nakagua pia urefu wa meno: kwa kina cha 10, meno yazidi 10.

4. Chuma kitoke kwa tabaka

Kwenye `Passes` nawasha `Multiple Depths` na kuweka milimita 2, yaani tabaka 5. Mashine yangu ni nyepesi. Nzito ingebeba zaidi. Kwa kasi ya ukataji ya mita 150 kwa dakika, kisu cha 6 kinahitaji takriban mizunguko 8,000 kwa dakika. Chenye meno 2, kila jino likikata milimita 0.03, mwendo ni 8,000 × 2 × 0.03, yaani milimita 480 kwa dakika.

Kwenye `Linking` naacha `Ramp Type` iwe `Helix`, ili kisu kishuke kwa kuzunguka kama skrubu. Kukididimiza wima ni hatari, hasa kama meno yake hayafiki katikati. Mwisho nazima `Stock to Leave`, isipokuwa kama nitapitisha kisu cha kumalizia baadaye.

5. Soma Z ya chini kabisa kabla ya kuwasha mashine

`Simulate` huonyesha kisu kikigonga, lakini huamini malighafi uliyoitaja wewe. Kwa hiyo, nikishatoa faili kwa `Post Process` inayolingana na mashine, nalifungua na kutafuta Z ndogo kuliko zote. Kwa shimo hili natarajia:

```
Z-10
```

Nikikuta -11, nyongeza ya malighafi imebaki na sifuri iko juu yake. Nikikuta -9.5, `Stock to Leave` imeachwa kwenye nusu milimita, na kuta nazo zitabana: shimo litakuwa 39 kwa 24. Kama hakuna Z inayoshuka chini ya sifuri, nilibofya ukingo wa juu. Namba hiyo moja hunirudisha moja kwa moja kwenye hatua ya kurekebisha, kabla alumini haijaguswa.