Taa Nyekundu ya Oili: Mambo Matatu Yanayofanana Usoni

Likizo iliyopita nilirudi nyumbani Tukuyu nikiwa na mawazo ya kupumzika na kula ndizi tu. Siku ya pili mjomba akanipigia simu akiwa stendi. "Mwalimu, njoo uone. Gari inanikonyeza."

Mjomba ana Noah ya zamani, ile yenye injini ya 3S inayokaa chini ya viti vya mbele. Inabeba abiria kati ya Kyela na Tukuyu, na siku nyingine inapandisha mpaka Mbeya. Boom likichelewa, Noah hiyo ndiyo inanilisha chuoni. Kwa hiyo niliposikia inakonyeza, nilivaa viatu haraka.

Nilikuta hivi: gari imetoka Kyela kwenye joto, imepanda mlima na abiria wamejaa, sasa imesimama inanguruma bila kukanyagwa mafuta, hali ambayo mafundi wanaiita sailensi. Kwenye dashibodi taa nyekundu yenye alama ya kopo la oili ilikuwa inawaka na kuzima, kama inapepesa. Ukikanyaga mafuta kidogo inazima. Ukiachia inarudi. Asubuhi injini ikiwa baridi, mjomba alisema, haionekani kabisa.

Pale stendi maoni yalikuwa matatu. Konda alisema oili imepungua, ongeza twende. Fundi mmoja alisema ni swichi ya oili, badilisha, kitu cha nusu saa. Fundi mwingine alisema beringi zimekwisha, shusha injini. Kila mmoja alikuwa na uhakika, na gharama zao zilitofautiana kama kikombe cha chai na ng'ombe. Mimi nasomea ualimu wa fizikia, si ufundi. Ila darasani tunafundishwa kwamba majibu matatu yakitoshea swali moja, hutafuti jibu linalopendeza, unatafuta kipimo kitakachoyatenganisha. Siku tatu zile nilijifunza vipimo hivyo, na ndivyo ninavyotaka kuwaeleza hapa.

Tuanze na taa yenyewe

Wengi tunadhani taa ile inapima wingi wa oili. Haipimi wingi, inapima presha. Kwenye bloku ya injini kuna swichi ndogo yenye utando na springi ndani. Presha ya oili ikiusukuma utando, mguso wa umeme unaachana na taa inazima. Presha ikishuka chini ya kiwango fulani, ambacho kwa swichi nyingi ni kati ya ba 0.2 na 0.5, springi inarudisha mguso na taa inawaka. Maana yake ni kwamba taa haisemi "presha imeanza kupungua". Inapowaka kwa haki, presha imeshabaki kidogo sana.

Kwa nini basi ianzie kwenye sailensi ya moto? Fikiria maji ya mserereko yanayoshuka kutoka Mlima Rungwe kuja kijijini. Maungio ya bomba yakiwa yamebana, hata koki ya mwisho inatoa maji kwa nguvu. Maungio yakilegea na kuvuja njiani, koki ya mwisho inadondosha matone. Ndani ya injini pampu inasukuma oili, na nafasi nyembamba kati ya krenki na beringi ndiyo maungio yenyewe. Injini ikizunguka polepole, pampu inasukuma kidogo. Oili ikiwa ya moto inakuwa nyepesi, inapita kwa urahisi. Mambo hayo mawili yakikutana, presha inakuwa ya chini kuliko wakati mwingine wowote, hata kwenye injini nzima. Injini yenye kasoro ndiyo inayovuka mstari.

Kipimo cha kwanza: stiki

Konda hakuwa mjinga. Kinachoanza kuangaliwa ni stiki, kwa sababu ni bure. Lakini Tukuyu kupata sehemu tambarare ni kazi. Ukipima gari ikiwa imeinama, oili inakimbilia upande mmoja wa sampo na stiki inakudanganya. Tulisogeza gari mpaka uwanja ulio sawa, tukazima, tukasubiri dakika tano oili ishuke, tukachomoa stiki, tukaifuta, tukaichovya tena ndipo tukasoma. Oili ilikuwa katikati ya alama ya L na ile ya F.

Hapo jibu la konda likawa limedhoofika. Oili iliyopungua sana ina tabia yake: taa huwaka unapokata kona, unapofunga breki kwa nguvu au kwenye mteremko, kwa sababu oili inahama na mdomo wa kunyonyea unavuta hewa. Gari ikiwa imetulia pale pale, oili iliyo kati ya L na F inatosha kuufunika mdomo huo. Hata hivyo tuliongeza mpaka F ili tusibaki na shaka. Kesho yake gari ilipanda tena, na taa ikapepesa vilevile.

Kipimo cha pili: geji

Fundi wa swichi alikuwa na ushahidi mzuri. Alichomoa waya akatuonyesha: soketi ilikuwa imelowa oili. Swichi inayovuja kupitia katikati yake ni mbovu, hilo halina ubishi. Akafanya na jaribio la haraka. Switi ikiwa oni, waya ukiwa umechomolewa, taa inatakiwa izime. Ukiugusisha kwenye bloku, taa inatakiwa iwake. Vyote vilitokea, kwa hiyo waya wenyewe ulikuwa mzima.

Mjomba akafurahi. "Basi tuweke swichi mpya, mwalimu, tuendelee na maisha."

Hapo ndipo nilipomwomba asubiri, na yule fundi wa beringi, mzee mmoja mtaratibu, akaniunga mkono. Swichi kuwa mbovu hakuthibitishi kwamba presha ni nzima. Kasoro mbili zinaweza kukaa gari moja. Tena swichi hazilingani: ukifunga mpya ambayo huwaka kwenye ba 0.2, wakati ya zamani ilikuwa inawaka kwenye 0.4, taa itanyamaza na ugonjwa utabaki ndani. Umemziba mdomo shahidi.

Dawa yake ni geji ya presha, ile ya mkono yenye mpira. Unafungua swichi, unafunga geji kwenye tundu lilelile, unasoma presha yenyewe. Sharti ni moja: injini iwe katika hali ileile inayoleta tatizo. Kupima asubuhi injini ikiwa baridi ni kumpima mgonjwa wa homa baada ya homa kushuka. Kwa hiyo mzee alisubiri gari irudi kutoka Kyela, akafunua kiti, akafunga geji injini ikiwa bado ya moto, huku akikwepa mabomba ya ekzosi yasimuunguze.

Kitabu cha matengenezo cha Toyota kwa injini ya 3S kinataka, injini ikiwa na joto la kawaida, presha isipungue ba 0.3 kwenye sailensi, na iwe kati ya 2.5 na 4.9 kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika. Sisi tulisoma 0.2 kwenye sailensi. Kwenye mizunguko 3,000 tukasoma 1.7. Kesho yake asubuhi, injini ya baridi, sailensi ilitoa 3.0.

Namba hizo tatu zilimaliza ubishi. Kama kasoro ingekuwa ya swichi peke yake, geji ingesoma presha nzuri huku taa ikilalamika. Hapa geji na taa zilisema neno moja. Na ile 1.7 ndiyo iliyonitisha zaidi, kwa sababu kwenye mizunguko 3,000 taa ilikuwa imezima na dereva alijiona yuko salama. Kumbe hata hapo presha ilikuwa chini ya kiwango.

Kipimo cha tatu: kufungua

Geji ina mpaka wake. Inakwambia presha ni ndogo kweli, haikwambii inapotelea wapi. Pampu iliyochakaa au chujio la kwenye sampo lililoziba navyo vinashusha presha. Dalili ya baridi nzuri, moto mbaya, inaelekeza kwenye nafasi zilizopanuka, lakini mzee alisema wazi kwamba hatahukumu kabla ya kushusha sampo.

Alisema pia kuna njia ya mkato ambayo wengi wanaitumia: kumwaga oili nyepesi na kuweka nzito, tuseme 20W-50. Oili nzito inapita kwa shida kwenye nafasi pana, hivyo presha inapanda na taa inazima. Wauzaji wa magari nao wanaijua. Ila chuma kilicholika hakirudi.

Mjomba alikaa kimya muda mrefu. Kushusha injini kulikuwa na maana ya wiki bila hesabu ya jioni. Mwishowe akasema, "Shusha. Nisije nikanoki pale mlimani na watoto wa watu ndani."

Sampo ilipofunguliwa, chujio lilikuwa safi. Mzee akafungua kifuniko cha koneksheni rodi ya kwanza akanipa beringi mkononi. Sura ya beringi nzima ni kijivu kilichotulia. Hii kijivu chake kilikuwa kimelika na rangi ya shaba imetokeza katikati. Nafasi kati ya beringi ile na krenki, kitabu kinasema, isizidi milimita 0.08. Karatasi ya fotokopi ina unene wa karibu 0.1. Yaani tofauti kati ya injini nzima na injini inayokufa haifiki unene wa karatasi.

Krenki ikatolewa. Mzee akapitisha ukucha juu ya sehemu zake zinazong'aa. Haukukwama popote, na vipimo vya maikromita vikawa bado ni vya kiwandani. Hiyo ndiyo ilikuwa bahati yetu. Beringi ikichelewa kubadilishwa inaanza kuikwaruza krenki, ikikwaruzika inapelekwa kuchongwa, na ikisubiriwa tena inanoki. Sisi tuliagiza Mbeya beringi mpya za saizi ya kawaida, pampu ikakaguliwa ikaonekana nzima, na swichi inayovuja nayo ikabadilishwa, safari hii kwa zamu yake.

Gari ilipopanda tena kutoka Kyela, kabla ya kufunga swichi mpya moja kwa moja, tulirudisha geji. Sailensi ya moto: 0.9. Mizunguko 3,000: 3.4.

Kama gari ya nyumbani kwenu nayo inakonyeza, fuata mpangilio huohuo: stiki kwanza, kisha geji injini ikiwa ya moto, ndipo fundi afungue. Na taa ikiwaka bila kuzima ukiwa umekanyaga mafuta, au ukisikia mgongo kutoka chini ya injini, usipime kitu. Zima hapohapo.

Mjomba sasa ameninunulia geji yangu. Anasema mwalimu wa fizikia asiye na kipimo ni sawa na konda. Nimekubali. Ndaga fijo, mjomba.