Hela ipo, kadi imegoma: uanzie wapi?

Umejaza namba ya kadi, tarehe ya mwisho na zile tarakimu tatu za nyuma. Umebonyeza "Lipa". Kiduara kimezunguka, kikazunguka, halafu maandishi mekundu yakatokea: `Payment declined`. Unafungua programu ya benki kuangalia salio na unakuta hela zote zipo, hakuna hata senti iliyopungua. Sasa kosa liko wapi?

Jambo la kujua kwanza ni kwamba malipo ya kadi mtandaoni hupitia maswali mawili, na kila swali lina wakati wake. La kwanza: je, huyu anayelipa ndiye mwenye kadi? Huo ndio uthibitisho. La pili: je, benki inaidhinisha kiasi hiki kilipwe? Salio lako huangaliwa kwenye swali la pili tu. Ukianguka kwenye la kwanza, uwe na laki tano au milioni hamsini, hakuna aliyefika hata kuzitazama. Ukishajua ni swali lipi limekukwamisha, nusu ya kazi imekwisha.

1. Toa kidole kwenye kitufe

Wengi wetu tukikataliwa mara ya kwanza tunabonyeza tena papo hapo, kisha tena, kisha tunajaribu duka lingine "kuona kama kadi ni nzima". Ukiwa upande wa benki, mtu anayejaribu kadi ileile mara tano ndani ya dakika tatu anafanana kabisa na mwizi aliyeokota namba za kadi. Mfumo wa kuzuia ulaghai hauna huruma hapo, unaifunga kadi. Tatizo dogo lililokuwa likihitaji dakika mbili sasa linahitaji simu kwa benki, na pengine foleni dirishani.

Jaribu mara moja ya pili, tena baada tu ya kukagua namba ulizoandika. Ikikataa, acha. Piga picha ya skrini yenye ule ujumbe, maana utauhitaji baadaye.

2. Jiulize: OTP ilifika?

Hapa ndipo malipo mengi yanapokufa, na ndipo watu wanapoilaumu akaunti bure. Visa wanauita mfumo wao wa uthibitisho `Visa Secure`, Mastercard wanauita `Mastercard Identity Check`, lakini kazi ni ileile. Kabla ya malipo kuidhinishwa, ukurasa wa benki yako hufunguka katikati ya ukurasa wa duka na kukutaka uthibitishe kuwa ni wewe. Benki nyingi hutuma OTP kwa meseji, nyingine hutuma taarifa kwenye programu yake ili ubonyeze "Kubali".

Kama ukurasa huo ulitokea na OTP haikuja, angalia kwanza namba ya simu iliyo kwenye faili lako benki. Ulifungua akaunti miaka sita iliyopita ukiwa na laini nyingine, laini hiyo ilipotea, ukasajili mpya na ukabadilisha namba kwenye huduma ya benki kwa simu. Mara nyingine namba ya simu iliyounganishwa na kadi haikuguswa, kwa sababu katika baadhi ya benki mfumo wa kadi hutunza namba yake peke yake. OTP inakwenda kwenye laini iliyokufa. Dalili yake ni rahisi: ukurasa wa uthibitisho huonyesha tarakimu chache za mwisho za namba uliyotumiwa meseji. Wengi hawazisomi. Zisome.

Aliyeko Muscat au London na kadi ya benki ya nyumbani ana shida yake. Laini ya Tanzania au Kenya ikiwa haijawashwa huduma ya kutumika nje ya nchi, meseji haifiki, na malipo yanakufa yakisubiri. Mtu wa aina hiyo aombe uthibitisho wa kupitia programu ya benki, kama benki yake inao, kwa sababu huo unahitaji intaneti tu.

Na kama OTP ilifika lakini bado ukaona `Authentication failed`? Mara nyingi sababu ni mojawapo ya hizi. Uliomba itumwe tena, zikaja mbili, ukaandika ya kwanza wakati ya mwisho ndiyo inayofanya kazi. Au ilichelewa, na uhai wake ni dakika chache tu. Au ulikuwa unalipa kwa simu, ukatoka kwenye ukurasa kwenda kusoma meseji, na uliporudi ukurasa ulikuwa umejipakia upya. Hilo la mwisho huwapata sana wanaolipa kupitia kiungo walichokifungua ndani ya Instagram au Facebook. Dawa yake ni kufungua duka kwenye kivinjari cha kawaida kama Chrome, na kuisoma OTP kwenye taarifa inayoshuka juu ya skrini bila kutoka kwenye ukurasa.

Usije ukaduwaa pia duka lisipoomba OTP kabisa. Maduka mengine ya nje hayaombi, na benki zingine hupitisha malipo madogo bila kuuliza. Lakini kuna benki zilizoamua kwamba malipo yasiyo na uthibitisho hayapiti, basi. Ukikutana na duka la aina ya kwanza na benki ya aina hiyo, hutafanikiwa hata ujaribu mpaka kesho. Tafuta njia nyingine ya kulipa.

3. Kagua kikomo, kisha piga hesabu kwa bei ya benki

Tuseme uthibitisho umepita: OTP imekubali, ukurasa umerudi dukani, halafu malipo yakakataliwa. Sasa tuko kwenye swali la pili, na mshukiwa wangu wa kwanza ni kikomo cha matumizi.

Kadi moja huwa na vikomo kadhaa. Kuna cha kutoa fedha kwenye ATM, cha kulipa kwenye mashine ya dukani na cha kulipa mtandaoni. Hiki cha mtandaoni kinaweza kuwa kidogo kuliko vingine. Kwa hiyo kule kutoa hela nyingi ATM jana bila shida hakukuambii lolote kuhusu malipo ya leo.

Tuchukue mfano. Akaunti ina Sh 900,000. Unalipia kozi ya dola 190, na kikomo chako cha mtandaoni ni Sh 500,000 kwa siku. Umetafuta bei ya dola Google ukaona, tuseme, Sh 2,600. Mara 190 ni Sh 494,000. Uko ndani ya kikomo, au ndivyo unavyodhani. Lakini benki haitumii bei ya Google. Inatumia bei yake ya kuuza dola, tuseme Sh 2,680, na hapo malipo yanakuwa Sh 509,200. Umezidi kwa Sh 9,200 na kadi inagoma, ilhali karibu laki nne zingebaki kwenye akaunti hata baada ya kulipa.

Ongeza na hili: asubuhi ulilipia kitu kingine cha Sh 35,000 kwa kadi hiyohiyo. Kikomo ni cha siku nzima, si cha kila malipo, kwa hiyo jumla ya siku yako ni Sh 544,200. Ukiomba kipandishwe hadi Sh 510,000 ukidhani umemaliza, utagonga ukuta tena. Omba Sh 600,000, lipa, kisha kirudishe chini siku hiyohiyo. Programu nyingi za benki zinakuruhusu kufanya hivyo mwenyewe kwenye sehemu ya kadi.

Ukiamua kusubiri siku ipinduke, uliza kwanza benki inahesabuje siku. Nyingine huanza upya saa sita usiku, nyingine huhesabu saa 24 tangu malipo ya mwisho. Uliza pia kama kuna kikomo cha idadi ya malipo kwa siku, kwa sababu hicho hakijali kama ulilipa dola moja au mia.

4. Angalia hela zilizoshikiliwa

Programu ya benki huonyesha salio la aina mbili: lililomo kwenye akaunti na linaloweza kutumika. La pili ndilo la kutazama. Hoteli uliyoweka nafasi wiki jana inaweza kuwa imeshikilia kiasi fulani. Hata jaribio lako la awali linaweza kuwa limeshikilia hela: benki ilikubali, lakini duka likakataa lenyewe, kwa mfano kwa sababu anwani uliyoandika hailingani na kumbukumbu. Ukaguzi huo wa anwani ni wa kawaida hasa kwa maduka ya Marekani, Kanada na Uingereza. Duka likisharudisha idhini hela huachiwa, ila zinaweza kuchukua siku kadhaa.

5. Huenda mtandaoni kumezimwa tu

Hili ni fupi. Kadi mpya nyingi hutoka zikiwa zimezimwa kwa malipo ya mtandaoni, au kwa malipo ya nje ya nchi, mpaka mwenyewe uwashe. Fungua sehemu ya kadi, tafuta `Online` au `E-commerce`. Na kama unalipia kamari au sarafu za kidijitali, benki yako inaweza kuwa imezuia aina hiyo ya biashara kabisa. Hapo hakuna cha kuwasha.

6. Ukipiga simu benki, uliza swali la maana

Ukisema "kadi yangu haifanyi kazi", utaambiwa salio lipo na kadi ni nzima, na simu itakatwa mmeridhika wote wawili huku kozi haijalipiwa. Taja saa uliyojaribu, kiasi, jina la duka na tarakimu nne za mwisho za kadi. Kisha uliza: "Ombi hili liliwafikia? Mlilijibu kwa namba gani?"

Kila kukataliwa kwenye hatua ya idhini huwa na namba yake. `51` ni salio halitoshi, `54` ni kadi imeisha muda, `57` ni aina hiyo ya malipo hairuhusiwi kwa kadi yako, `61` ni umezidi kiasi, `65` ni umezidi idadi ya malipo, na `91` ni mfumo wa benki haukupatikana. Ile `05`, ambayo kwenye skrini huja kama `Do not honor`, ni ya kukera kwa sababu inasema "tumekataa" tu bila kueleza. Mara nyingi nyuma yake kuna mfumo wa kuzuia ulaghai, kwa hiyo mwombe mhudumu aangalie huko.

Akikwambia hakuna ombi lolote lililowafikia saa hiyo, la uthibitisho wala la idhini, achana na benki. Tatizo liko dukani au kwa kampuni inayolipokelea malipo, na picha ile ya skrini uwatumie wao.

Tumia namba ya simu iliyo nyuma ya kadi yako. Ukilalamika hadharani kwenye mitandao ya kijamii, hazipiti dakika nyingi kabla hujapata ujumbe wa "huduma kwa wateja" ya bandia ukikuomba OTP ili "wakufungulie kadi". Mhudumu wa kweli haihitaji OTP yako kuona kwa nini malipo yalikataliwa. Anayeiomba, mkatie simu.