Tuzishukuruje kaya tulizozihoji?

*Shikamoo mtaalamu. Nilikuwa karani wa utafiti wa lishe ya watoto vijijini Sumbawanga. Kazi imekwisha, na akina mama wananiuliza majibu yako wapi. Niwaandikieje shukrani bila kuwachanganya wala kuwatia aibu?*
*Karani, Sumbawanga*

Marahaba. Hofu yako ina msingi: mama aliyepimiwa mtoto akisikia "udumavu" hudhani anasemwa yeye. Anza na asante, kisha toa jibu moja kubwa, kwa hesabu ya watoto badala ya asilimia. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022, kwa mfano, ulikuta udumavu Rukwa ukikaribia asilimia 50. Ningeuandika hivi:

"Asanteni kwa kutufungulia milango. Tulipima urefu wa watoto wa chini ya miaka 5 mkoani Rukwa. Katika kila 10, karibu 5 ni wafupi kuliko inavyotarajiwa kwa umri wao. Kipimo hiki hakisemi sababu kwa mtoto mmoja mmoja. Mwenye wasiwasi aende kliniki na kadi ya mtoto."

Sentensi ya sababu usiifute. Bila hiyo lawama zitawaangukia akina mama. Wala usiishushe takwimu hadi kitongoji. Kaya chache hazitoshi kupima kitongoji kizima, na majirani watakisia ni mtoto wa nani.

Isomwe mkutanoni, na kwa Kifipa pia, maana si wote watakaosoma karatasi. Mzazi akiuliza habari za mwanawe, usimjibu mbele za watu; mwelekeze kwa mhudumu wa afya. Kabla ya yote, mwonyeshe msimamizi wako, na utumie takwimu za utafiti wenu, si hizi za 2022.