Breka ya Kiloampea 12.5 Inatosha?

Swali: Kituo cha kupoza umeme cha mgodi kikiongezewa transfoma ya pili, je, breka zilizopo za kilovolti 33 zitafaa?

Jibu: Shoti linganifu ni ile inayounganisha fezi zote tatu kwa pamoja, na kwa kuwa mikondo yake hulingana, hesabu ya fezi moja hutosha. Ukubwa wake hutajwa kwa megavolti-ampea (MVA), yaani nguvu ambayo gridi ingeimwaga mahali pa shoti. Kwa mfano, katika ukanda wa Geita, unaolishwa na laini ya kilovolti 220 kutoka Bulyanhulu mkoani Shinyanga, ichukuliwe kwamba gridi ina MVA 1,500 na transfoma ni ya MVA 90 yenye kizuizi cha asilimia 12, ambayo peke yake hupitisha 90 ÷ 0.12, yaani MVA 750.

```
1 ÷ (1/1500 + 1/750) = 500 MVA
500 ÷ (1.732 × 33) = 8.75 kA
```

Breka ya kiloampea 12.5 hapo inatosha. Lakini transfoma mbili za aina hiyo zikifanya kazi sambamba, shoti hufikia MVA 750, sawa na kiloampea 13.1, na breka hiyo inaweza kushindwa kuzima cheche kuu na kupasuka. Kwa hiyo ichaguliwe ya kiloampea 16 au zaidi, au transfoma zitenganishwe.