Mada: Lebo ya "Imetengenezwa" Inataja Nchi Gani?

Kila mwaka ninaposahihisha majaribio ya mada ya biashara ya kimataifa, nakutana na kosa lile lile. Swali linasema: "Shati lina lebo inayosema limetengenezwa Bangladesh. Eleza lebo hiyo inamwambia nini mnunuzi." Wanafunzi wengi hujibu kwamba pamba ililimwa Bangladesh, uzi ukasokotwa huko, na shati likashonwa huko. Sehemu ya mwisho tu ndiyo sahihi. Bangladesh hulima pamba kidogo sana na huagiza karibu pamba yote ya viwanda vyake kutoka nje. Mtahiniwa aliyejibu hivyo ameisoma lebo kama historia yote ya shati, wakati lebo inataja hatua moja tu ya historia hiyo.

Katika somo hili tutalifuata shati moja tangu shambani, tuone hatua ipi inahesabiwa na kwa nini.

1. Safari ya shati

Tuchukue mfano wa kutunga, lakini unaofanana na safari halisi za biashara ya pamba. Mkulima wa Simiyu anavuna pamba mbegu na kuiuza. Kiwanda cha kuchambua pamba kinatenganisha nyuzi na mbegu, kisha pamba nyuzi inafungwa kwenye marobota na kusafirishwa hadi China. Huko inasokotwa kuwa uzi, na uzi unafumwa kuwa kitambaa. Kitambaa kinapelekwa Bangladesh, ambako kinakatwa na kushonwa kuwa shati la kiume. Shati linapigwa pasi, linafungwa kwenye mfuko na kuuzwa Marekani.

Nchi tatu zimeshiriki, lakini lebo itataja moja: Bangladesh. Tanzania na China hazitaonekana popote. Je, kuna udanganyifu hapa? Hapana. Sheria ya forodha ya Marekani ya mwaka 1930, ambayo inataka bidhaa zinazoingia nchini humo ziwe na alama ya nchi ya asili, ndiyo inayotaka lebo iandikwe hivyo.

2. Kanuni ya badiliko la msingi la mwisho

Afisa wa forodha anahitaji jibu moja kwa swali "bidhaa hii ni ya wapi?", kwa sababu jibu hilo hutumika kuamua ushuru na mipaka ya uagizaji. Kwa zao kama mahindi au ndizi jibu ni rahisi: ni la nchi lilikovunwa. Hiyo huitwa bidhaa iliyopatikana kikamilifu katika nchi moja.

Ugumu huanza bidhaa inapopita nchi mbili au zaidi. Hapo hutumika kanuni ya badiliko la msingi: asili ya bidhaa ni nchi ambako mara ya mwisho iligeuzwa kuwa kitu kipya, chenye jina jipya, sifa mpya au matumizi mapya. Kanuni hii iliwekwa katika Mkataba wa Kyoto wa mwaka 1973 kuhusu taratibu za forodha.

Rudi kwenye shati letu. Kitambaa kikiwa kwenye jora huwezi kukivaa. Kikishakatwa na kushonwa, kimekuwa vazi. Badiliko hilo lilitokea Bangladesh, na baada yake hakuna badiliko jingine la aina hiyo. Kupiga pasi na kufunga kwenye mfuko hakukuzaa kitu kipya.

*Zingatia:* Neno "mwisho" peke yake halitoshi. Kama shati lililokwisha kushonwa Bangladesh lingepelekwa nchi nyingine kufunguliwa, kupigwa pasi, kubandikwa bei na kufungwa upya, nchi hiyo ingekuwa ya mwisho kuligusa, lakini asili ingebaki Bangladesh. Kazi ndogo kama kuosha, kuchambua kwa ukubwa, kufungasha na kubandika lebo hazibadilishi asili. Mfanyabiashara anayepitisha bidhaa nchi nyingine ili abadilishe lebo tu anavunja sheria.

3. Badiliko la msingi linapimwaje?

Maneno "kitu kipya" yanaweza kuzua ubishi, kwa hiyo forodha hutumia vipimo. Viwili vinatosha kwa kiwango chako.

*Kipimo cha kwanza: namba ya bidhaa.* Tangu mwaka 1988 nchi nyingi hutumia mfumo mmoja wa kuzipa bidhaa namba, unaosimamiwa na Shirika la Forodha Duniani. Tarakimu nne za mwanzo huonyesha kundi la bidhaa. Hatua za shati letu zinasomeka hivi:

- Pamba ambayo haijachanwa: 5201
- Uzi wa pamba: 5205
- Kitambaa chepesi cha pamba kilichofumwa: 5208
- Shati la kiume la kitambaa kilichofumwa: 6205

Kiwanda kilichopokea kitambaa cha 5208 kikatoa shati la 6205 kimebadilisha namba. Hiyo ni dalili ya badiliko la msingi. Kupiga pasi hakuhamishi namba: shati huingia likiwa 6205 na kutoka likiwa 6205.

*Kipimo cha pili: thamani iliyoongezwa.* Hapa huangaliwa ni sehemu gani ya bei ya kiwandani imetoka katika nchi yenyewe. Tuseme sharti ni angalau asilimia 35. Shati linatoka kiwandani kwa Sh 10,000. Kitambaa kutoka nje kimegharimu Sh 5,500, na vifungo na uzi wa kushonea kutoka nje Sh 700. Jumla ya vilivyotoka nje ni Sh 6,200. Kinachobaki ni Sh 3,800 za mishahara, umeme, kodi ya jengo na faida.

3,800 ÷ 10,000 × 100 = 38%

Shati limefaulu. Sasa tuseme bei ya kitambaa imepanda hadi Sh 6,200, na mnunuzi amekataa kuongeza bei ya shati. Vilivyotoka nje sasa ni Sh 6,900, na kinachobaki ni Sh 3,100, yaani 31%. Shati limeshindwa, ingawa mafundi ni wale wale na mshono ni ule ule. Hii ndiyo kasoro ya kipimo cha thamani: hubadilika bei zinapobadilika.

4. Kitambaa kimoja, lebo mbili

Sasa tuingie sehemu inayowatenganisha watahiniwa wa alama za juu na wengine. Tuseme sehemu ya kitambaa kile kile kutoka China haikushonwa mashati. Kiwanda cha Bangladesh kilikikata na kukikunja pindo, kikapata mashuka ya pamba. Namba nayo imebadilika, kutoka 5208 kwenda 6302. Je, yakiuzwa Marekani lebo itataja Bangladesh?

Hapana. Itataja China. Sheria ya Marekani iliyoanza kutumika Julai 1996 inasema vazi lililokatwa na kushonwa ni la nchi lilikounganishwa, lakini shuka la pamba ni la nchi ambako kitambaa kilifumwa. Hoja yake inaeleweka ukilitazama shuka: kazi kubwa iko kwenye kitambaa chenyewe, na pindo ni nyongeza ndogo. Shati lina kola, mikono, kifua na mgongo vinavyopaswa kuunganishwa.

Kabla ya sheria hiyo, Marekani kwa kawaida ilihesabu nchi ambako kitambaa cha vazi kilikatwa. Kitambaa kikikatwa Hong Kong na vipande vikashonwa China Bara, vazi lilihesabiwa kuwa la Hong Kong. Baada ya Julai 1996 vazi lililotengenezwa kwa hatua hizo hizo likawa la China. Hakuna sindano iliyohama. Kilichobadilika ni kanuni. Kwa hiyo ukijibu swali la asili ya bidhaa, taja kanuni inayotumika na nchi inayoitumia.

5. Lebo na msamaha wa ushuru ni mambo mawili

Usifikiri kwamba nchi inayotajwa kwenye lebo hupata moja kwa moja msamaha wa ushuru. Umoja wa Ulaya huruhusu bidhaa za nchi zenye maendeleo duni, Bangladesh ikiwemo, kuingia bila ushuru. Lakini hadi mwisho wa mwaka 2010, shati la kitambaa kilichofumwa lilipaswa kupita hatua mbili katika nchi husika: uzi kufumwa kuwa kitambaa, na kitambaa kushonwa kuwa shati. Shati letu lilipita hatua moja tu Bangladesh, hivyo lilikosa msamaha ingawa lebo yake ilitaja Bangladesh. Kuanzia Januari 1, 2011 hatua moja ya kushona ikatosha kwa nchi hizo.

Ndiyo maana msafirishaji anayedai msamaha hutakiwa kuonyesha uthibitisho wa asili, kama vile cheti cha uasili wa bidhaa. Lebo iliyoshonwa kwenye kola haitoshi.

6. Lebo haisemi nini?

Lebo haisemi malighafi ilitoka wapi, wala nani alipata sehemu gani ya bei. Mkulima wa Simiyu hayumo kwenye lebo, na mfumaji wa China hayumo. Nchi inayouza marobota ya pamba nyuzi huachia nchi nyingine hatua za kusokota, kufuma na kushona, pamoja na ajira na mapato yake. Ukiulizwa faida za kusindika mazao kabla ya kuyauza nje, shati hili ni mfano mzuri wa kutumia.

Swali la kujipima

Kahawa mbichi ya Kilimanjaro inapelekwa nchi ya pili, inachambuliwa kwa ukubwa na kufungwa kwenye mifuko midogo bila kukaangwa. Mfanyabiashara anataka kuandika kwamba kahawa hiyo ni ya nchi ya pili. Je, ana haki? (alama 4)

Jibu la mfano

Hana haki (alama 1). Kahawa ni zao, na asili yake ya kwanza ni nchi ilikovunwa, yaani Tanzania (alama 1). Kuchambua kwa ukubwa na kufungasha ni kazi ndogo zisizoleta badiliko la msingi (alama 1), kwa kuwa kilichotoka bado ni kahawa mbichi yenye jina, sifa na matumizi yale yale (alama 1).

*Kosa la kuepuka:* Kuandika "ana haki kwa sababu nchi ya pili ndiyo ya mwisho kuishughulikia". Anayejibu hivyo amekumbuka neno "mwisho" na kusahau "badiliko la msingi".