Mstari Usioonekana: Kusoma Kizidishi cha Kundi katika Picha ya Jedwali la Rigresheni

Siku hizi matokeo ya uchambuzi wa takwimu husafiri kwa picha. Mwanafunzi wa uzamili huielekeza simu yake kwenye skrini ya kompyuta, hupiga picha ya jedwali, kisha humtumia msimamizi wake akiuliza: “Hii namba hasi maana yake nini?” Mara nyingi picha hukata amri iliyoandikwa juu ya jedwali, na mwanga wa taa hufuta alama moja au mbili. Namba yenyewe hubaki, lakini kile kinachoipa maana kimebaki nje ya fremu.

Mfano ufuatao unatokana na data zinazofundishiwa sana duniani, ziitwazo `birthwt`, zinazopatikana katika kifurushi cha `MASS` cha programu ya R. Ni kumbukumbu za watoto 189 waliozaliwa katika hospitali ya Baystate Medical Center, mjini Springfield, Massachusetts, mwaka 1986. Kigeu kinachoelezwa ni uzito wa kuzaliwa kwa gramu. Kigeu kinachoueleza ni asili ya mama, ambayo waandishi wa data waliigawa katika makundi matatu: 1 kwa weupe, 2 kwa weusi, 3 kwa wengine. Tuseme picha inaonesha mistari hii tu:

```
            Estimate Std. Error t value Pr(>|t|)
(Intercept)  3102.72      72.92  42.548  < 2e-16
race2        -383.03     157.96  -2.425  0.01627
race3        -297.44     113.74  -2.615  0.00965
```

Jambo la kwanza la kuuliza ni kundi lipi halipo. Makundi ni matatu, lakini mistari yenye jina la `race` ni miwili. Kundi la 1 halikusahaulika wala halikufutwa. Programu haiwezi kuzidisha neno “weusi” kwa namba, hivyo huunda vigeu bandia viwili. Cha kwanza hupewa 1 mama akiwa wa kundi la 2, na 0 akiwa wa kundi lingine lolote. Cha pili hufanya vivyo hivyo kwa kundi la 3. Mama wa kundi la 1 hupata 0 na 0, na kwa sababu hiyo uzito unaokadiriwa kwa mtoto wake ni ile namba ya kuanzia pekee, yaani 3102.72. Hilo ndilo kundi rejea, na linakaa ndani ya mstari wa `(Intercept)`.

Basi -383.03 si uzito wa mtoto yeyote, wala si athari ya “kuwa mweusi” inayojitegemea. Ni tofauti ya wastani kati ya kundi la 2 na kundi la 1. Ukitoa 383.03 katika 3102.72 unapata 2719.69, nao ndio wastani halisi wa watoto 26 wa kundi la 2. Vivyo hivyo 3102.72 ukitoa 297.44 hubaki 2805.28, wastani wa watoto 67 wa kundi la 3. Kigeu cha makundi kinapokuwa peke yake katika modeli, jedwali zima ni wastani tatu zilizoandikwa kwa namna nyingine. Anayetilia shaka tafsiri yake anaweza kuzikokotoa wastani hizo kwa kikokotoo cha kawaida na kulinganisha.

R huchagua kundi rejea kwa mpangilio: namba ndogo kwanza, au herufi kwa alfabeti. Laiti makundi yangeandikwa kwa maneno ya Kiingereza `black`, `other` na `white`, rejea ingekuwa `black`, na mstari wa `white` ungesoma 383.03 chanya. Data ni zile zile na wastani ni zile zile, ila ishara imegeuka. Ndiyo maana picha isiyoonesha namna makundi yalivyopangwa haitoshi kujibu swali la mwanafunzi.

Kosa linalofuata ni la hila zaidi. Thamani mbili za p, 0.016 na 0.010, hulinganisha kila kundi na rejea. Hazisemi lolote kuhusu kundi la 2 dhidi ya la 3. Tofauti kati ya hayo mawili ni gramu 85.59, na ukiiendesha modeli upya kwa kulifanya kundi la 2 kuwa rejea, kosa sanifu la tofauti hiyo ni takribani 165. Tofauti ni nusu tu ya kosa lake, hivyo data hizi haziwezi kuyatenganisha makundi hayo. Aidha, kundi la 2 lina tofauti kubwa zaidi na rejea lakini thamani yake ya p ndiyo dhaifu zaidi, kwa sababu akina mama wake ni 26 tu. Masafa ya kuaminika ya asilimia 95 ya ile -383 yanaanzia takribani -695 hadi -71. Anayeripoti namba moja bila masafa hayo anaficha upana huo.

Kuhusu picha yenyewe, safu zinasaidiana. `Estimate` ukiigawa kwa `Std. Error` lazima upate `t value`: -383.03 kwa 157.96 ni -2.425. Alama ya kutoa ikifunikwa na mwanga katika safu ya kwanza, safu ya t huirudisha. Nukta ya desimali ikipotea, mgawanyo utaifichua.

Hatari kubwa zaidi ni picha yenye mstari mmoja tu ulioandikwa `race`, bila 2 wala 3, na kizidishi cha takribani -154.6. Hapo mchambuzi amesahau kuiambia programu kuwa 1, 2 na 3 ni majina, nayo imezichukua kama vipimo. Modeli hiyo inalazimisha hatua kutoka kundi la 1 hadi la 2 iwe sawa na hatua kutoka la 2 hadi la 3. Hukadiria gramu 2921 kwa kundi la 2, gramu 200 juu ya wastani wake wa kweli. Kwa data hizi, mstari wa chini wa jedwali hulithibitisha kosa: digrii za uhuru zitakuwa 187 badala ya 186. Dawa yake ni fupi:

```
lm(bwt ~ factor(race), data = birthwt)
```

Mwishowe, tafsiri hubadilika modeli inapoongezwa kigeu kingine. Akiingizwa mama anayevuta sigara wakati wa ujauzito (`smoke`), mstari wa `race2` huwa -450.36 na `race3` -452.88. Sasa kila namba ni tofauti kati ya akina mama wenye hali sawa ya uvutaji, na `(Intercept)`, 3334.95, ni makadirio ya mama mweupe asiyevuta. Tofauti zimepanuka kwa sababu katika data hizi 52 kati ya akina mama weupe 96 walivuta, dhidi ya 12 kati ya 67 wa kundi la 3. Sigara ilikuwa imeushusha wastani wa rejea na kuufanya pengo lionekane dogo. Wala namba hizi hazithibitishi sababu ya kibayolojia. Asili iliyojazwa kwenye fomu hubeba pamoja nayo kipato, lishe na huduma ambazo jedwali hili halikuzipima.