Mafunzo Niliyopata Nikiandika Matangazo ya Waifai Kitswamba

Kazi yangu ni kuandika matangazo ya kampuni ndogo inayofunga waifai majumbani, hapa Kitswamba na vijiji vya kuelekea Hima. Tangazo letu halizidi mistari sita: bando za mwezi, kasi, na muda wa kumfungia mteja. Haya ndiyo niliyojifunza kutokana na simu zinazopigwa likishatoka.

1. Kasi iandikwe pamoja na kazi yake

Ukiandika "10 Mbps" peke yake, mteja anadhani ni megabaiti 10 kila sekunde, kwa kuwa megabaiti ndizo anazonunua kwenye bando za simu. Mbps huhesabu biti, na baiti moja ina biti 8. Kwa hiyo laini ya 10 Mbps inashusha megabaiti 1.25 kwa sekunde, na filamu ya megabaiti 700 itachukua dakika 9 na ushee, ikiwa hakuna mwingine nyumbani anayeitumia laini. Asiyeambiwa hivyo huona ameibiwa tangu siku ya kwanza.

Siku hizi naandika: "10 Mbps: runinga mbili zinaonyesha video safi kwa wakati mmoja." Video safi hula kama Mbps 5, basi hesabu inakubali. Na kama kasi hupunguzwa mteja akishatumia kiasi fulani, kiasi hicho nakiweka kwenye mstari huohuo. Neno "bila kikomo" silitumii pale ambapo kikomo kipo.

2. Bei iwe ile atakayolipa

Uganda ilifuta kodi ya mitandao ya kijamii, ile ya shilingi 200 kwa siku, na kuanzia Julai 2021 ikaweka ushuru wa asilimia 12 juu ya data. Kampuni iliyosajiliwa kwa VAT huongeza asilimia 18 juu ya jumla hiyo. Chukua bando ya shilingi 50,000 kabla ya kodi: ushuru unaifikisha 56,000, na VAT inaipeleka 66,080. Ukitangaza 50,000, mama wa nyumbani aliyeweka hela hiyo pembeni atarudi kwake mikono mitupu, na jirani zake watapata habari kabla ya jioni. Gharama ya vifaa na ya kufunga nazo zina mstari wake, hata kama zinaitia bei ubaya.

3. Muda wa kufunga uhesabiwe kutoka siku inayojulikana

Hapa ndipo maneno mengi hutokea. "Tunafunga ndani ya saa 48" ni ahadi nzuri, lakini saa hizo zinaanza lini? Mteja huhesabu tangu alipotuma hela, naye fundi huhesabu tangu alipojua kwamba nyumba inauona mnara.

Huku kwetu, nyumba kuuona mnara si jambo la kudhania. Dishi dogo la paani linalotumia masafa ya 5 GHz linataka njia iliyo wazi mpaka mnarani, nasi tunaishi kwenye miteremko ya Rwenzori. Mwalimu mmoja alikuwa anauona mnara vizuri akisimama barabarani, lakini nyumba yake iko nyuma ya mstari wa mikalatusi. Fundi alipanda na dishi, akasoma -81 dBm kwenye simu yake. Tunapenda isomeke karibu na -60, na ikikaribia -80 laini inakatika-katika, hasa majani yakilowa mvua. Dawa ilikuwa bomba la chuma la kulinyanyua dishi juu ya miti. Bomba likanunuliwa Kasese, likachomelewa, likafungwa kwa nyaya za kulizuia upepo. Siku hiyo ya kufunga, kazi yenyewe ilikwisha kabla ya chakula cha mchana: dishi kuelekezwa, waya kushushwa, ruta kuwashwa, kasi kupimwa mwenyeji akiwepo. Siku zilizopotea zote zilikuwa za bomba.

Ndiyo maana tangazo letu sasa, ukiondoa mstari wa gharama ya vifaa na ya kufunga, linasomeka hivi:

"Kitswamba: waifai ya nyumbani, 10 Mbps, runinga mbili kwa pamoja. Sh. 66,080 kwa mwezi, kodi ndani. Fundi huja kupima bure kabla hujalipa. Nyumba ikiuona mnara, tunafunga ndani ya saa 48 baada ya kulipa. Ikihitaji bomba, utaambiwa bei na siku papo hapo."

4. Jina la kijiji litangulie

Facebook ilifungwa Uganda Januari 2021, na wengi huku husoma matangazo kwenye stetasi ya WhatsApp, ambako maandishi marefu hukatwa. Jina la kampuni likitangulia, msomaji anapita. Akiona "Kitswamba" au "Rugendabara" anasimama, kwani swali lake la kwanza ni kama mnafika kwao. Kwa Bwera tangazo zima tunaliandika kwa Kiswahili, kwa sababu wafanyabiashara wa mpakani Mpondwe wanauza na kununua na Wakongo kwa lugha hiyo, na tangazo moja linawatosha wote. Kijiji ambacho mnara haukioni hatukitaji hata kama watu wake wanatuomba, mpaka tupate mlingoti wa kati wa kuwafikishia laini.